Waranti, Kurudishiwa Fedha na Kubadilishiwa: Maneno Matatu ya Dukani

Maneno ya Mwenyekiti kwa wanachama, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi



 

Katibu ameshasoma taarifa ya hisa na ya mikopo, na Mtunza Hazina ameshasema za kwake. Sisi tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni jambo la dukani. Ndugu zetu mtashangaa: kikundi cha akiba kinahusikaje na duka? Kinahusika hivi. Mwanachama akichukua mkopo kununua kitu, kitu kikifa mkopo haufi. Betri inazima, rejesho linaendelea. Katika miaka hii 10 tumekaa kwenye vikao vingi vya mwanachama aliyechelewa kurejesha, na tukiuliza sababu, mara nyingi tunasikia: "Nilinunua kitu kikaharibika, nikakirudisha, mwenye duka akakataa." Tukimwuliza: "Mliahidiana nini?" anajibu: "Alisema kina waranti." Tukiuliza waranti maana yake nini, hapo kila mmoja anasema lake.

Basi tumeona leo tuyafafanue maneno matatu: waranti, kurudishiwa fedha, na kubadilishiwa. Wanachama wawili watatusomea mazungumzo, mmoja akiwa Mwenye Duka na mwingine akiwa Mteja. Mazungumzo haya tumeyatunga wenyewe kwa mifano ya vitu tunavyonunua hapa Bariadi baada ya kuuza pamba. Bei tulizoweka ni za mfano.

Kwanza tuondoe utata mmoja wa lugha. Vitabuni waranti huitwa dhamana. Lakini sisi akina mama wa vikundi tukisikia dhamana tunafikiria ng'ombe au shamba unaloweka ili upate mkopo. Mwingine anafikiria kumtoa mtu polisi. Kwa hiyo hapa tutasema waranti, kama inavyosemwa dukani, ili tusichanganye.

Na neno "kurudisha" nalo lina mtego. Mteja akisema "nairudisha", yeye anafikiria fedha. Mwenye duka akisikia "nairudisha", anafikiria kile kitu kiko mezani, kitaangaliwa, labda kitakwenda kwa fundi. Wote wametumia neno moja, ila kila mtu ana jambo lake moyoni. Ugomvi mwingi unaanzia hapo. Tusikilize.

Siku ya kwanza: tarehe 10 Julai

MTEJA: Hodi hapa.

MWENYE DUKA: Karibu mayu, shikamoo.

MTEJA: Marahaba mwanangu. Nataka betri ya sola, ile ya Ah 100. Sola yenyewe ninayo juu ya bati, betri ya zamani ndiyo imechoka.

MWENYE DUKA: Hii hapa, mama. Shilingi 300,000. Ina waranti ya miezi 6.

MTEJA: Hapo hapo kwenye waranti ndipo ninapotaka unieleze. Ikifa kabla ya miezi 6 unanipa hela yangu?

MWENYE DUKA: Hapana mama. Waranti siyo hela. Waranti ni ahadi kwamba betri ikiharibika yenyewe ndani ya miezi 6, kwa ubovu wake iliotoka nao kiwandani, itatengenezwa au utapewa nyingine.

MTEJA: Nani anaahidi? Wewe au kiwanda?

MWENYE DUKA: Anaahidi mwenye kuingiza betri hizi, yuko Mwanza. Mimi napokea yako, naipeleka kwake, anaipima. Akiona ubovu ni wa betri, analeta nyingine.

MTEJA: Na akiona ubovu ni wangu?

MWENYE DUKA: Basi inarudi kama ilivyo. Ndiyo maana nakuuliza: una kontrola? Ukiunga betri moja kwa moja na sola bila kontrola, mchana jua kali linaijaza kupita kiasi, inapata joto, inavimba ubavuni. Usiku nako unaweza kuinyonya mpaka ikauke kabisa. Betri iliyovimba hawaipokei.

MTEJA: Kontrola ya zamani iliungua. Nipe nyingine.

MWENYE DUKA: Shilingi 35,000. Na balbu?

MTEJA: Nipe 4.

MWENYE DUKA: Shilingi 5,000 kila moja, ni 20,000. Jumla yote 355,000.

MTEJA: Kabla sijatoa hela, nipimie betri hapa hapa.

MWENYE DUKA: (anachukua mita) Angalia mwenyewe, mama. Volti 12.7.

MTEJA: Sawa. Sasa andika kwenye risiti: betri, namba yake iliyochapwa hapa juu, waranti miezi 6, mwisho tarehe 10 Januari. Na kwenye kadi ya waranti piga muhuri.

Ndugu wanachama, hapa tusimame kidogo. Mteja wetu amefanya mambo mawili ya maana kabla ya kulipa.

La kwanza, amepimisha. Betri ya volti 12 ya aina hii, iliyojaa na kutulia, husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 iko kama nusu. Ikiwa betri inaitwa mpya na inasoma chini ya 12.4, huenda imekaa dukani miezi mingi bila kuchajiwa. Betri ya risasi na tindikali ikikaa bila chaji, mabamba ya ndani yanafunikwa na kitu kigumu cheupe, na baadaye haishiki chaji vizuri hata ukiijaza. Hiyo utainunua leo, itakusumbua mwezi wa pili, na mtaanza kubishana. Mita ya kupimia siyo ghali, na duka lolote linalouza sola linapaswa kuwa nayo. Mwambie tu: "Nipimie." Akikataa, umeshapata jibu.

La pili, ameandikisha tarehe ya mwisho. Watu wengi wanaridhika na "waranti miezi 6". Miezi 6 tangu lini? Tangu kununua, au tangu kufunga nyumbani? Ikiandikwa "mwisho tarehe 10 Januari" hakuna wa kubisha. Na namba ya betri ikiandikwa, hakuna atakayesema hii siyo betri yetu.

Kuna jambo dogo hapa linalowaumiza watu. Risiti ile ya mashine, maandishi yake huchapwa kwa joto. Ukiiweka kwenye kanga ukaifunga kiunoni, au ukaichomeka ukutani karibu na jiko, baada ya miezi kadhaa inafifia mpaka inabaki karatasi nyeupe. Siku ya kudai unafika na karatasi tupu. Kwa hiyo siku ile ile uliyonunua, itolee kivuli au ipige picha kwa simu. Risiti yenyewe iweke ndani ya kitabu chako cha mwanachama.

Tuendelee.

Siku ya pili: tarehe 11 Julai

MTEJA: Mwanangu, nimerudi. Kontrola haiwaki. Fundi ameunga vizuri, taa yake ndogo ya kijani haitoi hata dalili.

MWENYE DUKA: Pole mama. Hebu niijaribu kwenye betri yangu. (anaunga) Kweli, imekufa. Nitaipeleka Mwanza kwa waranti, kama wiki 3 hivi.

MTEJA: Hapana baba. Hii hainihusu na waranti.

MWENYE DUKA: Kwa nini? Si ina waranti?

MTEJA: Waranti ni ya kitu kilichofanya kazi kikaja kuharibika. Hiki hakijafanya kazi hata dakika moja. Mimi nilinunua kontrola, umenipa kiboksi kisicho na uhai. Ni kama nimenunua dume la kulimia mnadani, nikafika nyumbani nikakuta halina miguu. Sitasubiri wiki 3. Nirudishie 35,000 yangu.

MWENYE DUKA: Mama, si umeona hapo ukutani? "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

MTEJA: Nimeiona. Hiyo inamhusu mtu aliyebadili mawazo. Mimi sijabadili mawazo. Kontrola bado naitaka, ila iwe kontrola.

MWENYE DUKA: (anafikiri) Basi chagua. Nikupe nyingine mpya sasa hivi, tuijaribu hapa hapa, au nikupe hela.

MTEJA: Nipe nyingine, tuijaribu. Na andika nyuma ya risiti kwamba umebadilisha leo.

MWENYE DUKA: Sawa.

MTEJA: Halafu na hizi balbu. Hazijaharibika. Ila mwanga wake ni wa njano, nami nilitaka ule mweupe watoto wasomee. Boksi sijafungua.

MWENYE DUKA: Hapo sasa mama, sikuwa na kosa. Ulichagua mwenyewe.

MTEJA: Kweli. Hapo nakuomba tu, sikudai.

MWENYE DUKA: Kama boksi hazijafunguliwa, nakubadilishia. Ila hela sirudishi. Na nyeupe ni 6,000 kila moja. Utaongeza 4,000.

MTEJA: Haya, chukua 4,000.

Hapo ndugu zetu yametokea mambo matatu tofauti ndani ya siku mbili, katika duka moja, kwa mteja mmoja. Tuyatenganishe.

Betri ina waranti. Hiyo ni ahadi ya muda ujao. Leo ni nzima, na ikiharibika yenyewe ndani ya miezi 6 itashughulikiwa.

Kontrola ilikuwa mbovu tangu dukani. Hapa siyo waranti tena, ni mauzo yenyewe ndiyo hayakukamilika. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inasema kwamba anayeuza bidhaa za aina fulani katika biashara yake anabeba sharti kuwa bidhaa zinafaa kuuzwa na zinalingana na jinsi zilivyoelezwa. Sharti hilo lipo hata kama halikutajwa mdomoni wala kuandikwa. Likivunjwa, mnunuzi anaweza kukataa kitu na kudai fedha zake. Mteja wetu angeweza kupokea 35,000. Amechagua kupewa nyingine, na huo ni uchaguzi wake.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mipaka miwili, na ni vizuri tuijue kabla hatujaenda kupaza sauti dukani. Mpaka wa kwanza: ukikikagua kitu kabla ya kununua, kasoro ambayo ungeiona kwa kukagua huko huwezi kuja kuilalamikia kesho. Ukinunua sahani yenye ufa unaoonekana, ufa ni wako. Mpaka wa pili: ukikaa na kitu muda mrefu bila kumwambia mwenye duka, unahesabiwa umekikubali, na haki ya kukikataa inapotea. Ndiyo maana mteja wetu amerudi kesho yake, hakusubiri mpaka siku ya gulio wiki ijayo. Kitu kikikataa kuwaka, rudi siku hiyo au kesho yake.

Balbu hazikuwa na kosa. Hapa hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka. Akibadilisha ni hiari yake na ni biashara nzuri. Anaweza kuweka masharti: boksi lisifunguliwe, isipite siku 3, hela hairudi, uongeze tofauti ya bei. Masharti hayo yote ni halali, ila yaseme kabla hujalipa. Mteja wetu hapo ametumia neno zuri: "Nakuomba tu, sikudai." Ukichanganya kuomba na kudai unaharibu yote mawili. Ukidai usichostahili, mwenye duka anakasirika, na siku ukiwa na haki ya kweli hatakusikiliza.

Na lile tangazo la ukutani je? "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Tangazo hilo lina nguvu kwa balbu. Kwa kontrola iliyokufa halina nguvu hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na ahadi hizo za ubora ambazo sheria imeziweka haziondolewi kwa kubandika karatasi ukutani. Sheria hiyo inakataza pia kumdanganya mnunuzi kuhusu kuwapo kwa waranti au haki yake. Kwa hiyo mtu akikuambia "ina waranti" na haipo, amefanya kosa, siyo mzaha wa biashara.

Sasa tufike kwenye betri, maana hapo ndipo penye fedha ya kikundi.

Siku ya tatu: tarehe 3 Novemba

MTEJA: Mwanangu, ile betri. Taa zinazima saa 2 usiku, na mchana jua limewaka kutwa nzima.

MWENYE DUKA: Umekuja na kadi na risiti?

MTEJA: Hivi hapa. Na kivuli chake.

MWENYE DUKA: (anaiangalia) Haijavimba. Vichwa havijaungua. Ulitumia na nini?

MTEJA: Balbu 4 na kuchaji simu. Basi.

MWENYE DUKA: Hakuna televisheni? Hakuna mashine ya kunyoa?

MTEJA: Hakuna. Njoo nyumbani uone.

MWENYE DUKA: Ngoja niichaji kutwa, kesho tuipime.

(Kesho yake.)

MWENYE DUKA: Mama, imechajiwa mpaka mwisho na inasoma 10.4 tu. Haipandi. Chumba kimoja kimekufa.

MTEJA: Chumba?

MWENYE DUKA: Ndani ina vyumba 6, kila kimoja hutoa kama volti 2. Kimoja kikifa inabaki hapo kwenye 10 na kitu, hata uchaji wiki nzima. Huo ubovu nitautuma Mwanza kwa waranti.

MTEJA: Mimi nataka hela. Nina rejesho kikundini. Nilikopa 300,000, narudisha 55,000 kila mwezi kwa miezi 6. Nimelipa mara 3, bado 165,000.

MWENYE DUKA: Pole mama, naelewa. Lakini betri imefanya kazi karibu miezi 4. Imeshakubaliwa. Ahadi tuliyoandika ni waranti, siyo hela.

MTEJA: Na Mwanza wakichelewa?

MWENYE DUKA: Mara nyingi wiki 3.

MTEJA: Nauli ya betri nani anatoa? Ina karibu kilo 30, basi la Mwanza watataka hela.

MWENYE DUKA: Kadi haikusema...

MTEJA: Haikusema, basi tuseme sasa. Mimi nilinunua kwako, sikununua Mwanza. Nimekuletea mpaka kwako, kutoka kwako kwenda Mwanza ni ya kwako.

MWENYE DUKA: (anacheka) Haya mama, hiyo ya kwangu.

MTEJA: Na hiyo mpya itakayokuja, ina waranti ya miezi 6 mingine?

MWENYE DUKA: Hapana. Inaendelea ile ile, mpaka tarehe 10 Januari.

MTEJA: Basi siku zitakazokaa Mwanza uniongezee. Sikuwa na betri siku hizo.

MWENYE DUKA: Hilo ni la haki. Nitaandika.

Betri ikarudi tarehe 24 Novemba, nyingine mpya. Ilikaa siku 21. Mwenye duka akaandika kwenye kadi: "Imebadilishwa 24 Novemba, namba mpya ni hii, waranti mpaka tarehe 31 Januari." Akapiga muhuri.

Ndugu wanachama, tuliyasikia vizuri? Mteja alitaka fedha, akapata betri. Wengine watasema ameshindwa. Sisi tunasema amepata kile alichoahidiwa, na akaongeza vitu viwili ambavyo kadi haikutaja, yaani nauli na zile siku 21. Aliviomba kwa wakati wake na kwa maneno mazuri.

Hapa ndipo penye somo la waranti. Waranti ikiandikwa vizuri inajibu maswali matano. Mwisho wake lini? Nani anaahidi, duka au aliyeingiza bidhaa? Inashughulikia ubovu gani na haishughulikii upi? Watatengeneza, watabadilisha, au watarudisha fedha? Na kitu kikiwa safarini, nani anagharimia na muda huo unahesabiwaje? Ukiona kadi haina jibu la mojawapo, uliza kabla ya kulipa, na jibu liandikwe nyuma ya risiti. Baada ya kulipa, kuuliza kumegeuka kuwa kuomba.

Na tukumbuke hili: waranti ya aliyeko Mwanza au Dar es Salaam haimfuti mwenye duka wa hapa. Mkataba wa kununua uliufanya naye. Akikuambia, "Nenda mwenyewe Mwanza ukadai," mwambie kwa adabu kwamba fedha yako aliipokea yeye na risiti ni ya kwake.

Pia tuseme ukweli kwa upande wa mwenye duka, maana humu ukumbini wamo wanachama wenye maduka. Betri inayoletwa imevimba, au iliyoungwa bila kontrola, au iliyotumiwa kunyolea watu kutwa nzima wakati ilinunuliwa kwa taa 4, hiyo siyo ubovu wa kiwandani. Betri za maji nazo, ukizijaza maji ya kisima badala ya maji ya betri yaliyosafishwa, chumvi ya kisima inaharibu mabamba. Mwenye duka akikataa hapo, hajakudhulumu. Dalili ni hizi: iliyovimba ubavuni kwa kawaida imepata joto au imejazwa kupita kiasi. Iliyo na umbo zuri, imechajiwa mpaka mwisho lakini inakwama kwenye volti 10 na kitu, ina chumba kilichokufa. Mpime mbele yenu wote wawili, na namba iliyosomwa iandikwe pamoja na tarehe, kabla betri haijapanda basi. Ikirudi kutoka Mwanza na maneno mengine, mnayo karatasi yenu.

Na mkishindwana kabisa? Kwanza rudi na mtu mzima wa heshima, mzungumze wakati duka halina watu. Mwenye duka akibanwa mbele ya wateja wake anakuwa mkali ili asiaibike. Pili, andika barua fupi ukieleza ulinunua nini, lini, kimefanya nini na unataka nini, na ubaki na nakala. Tatu, yupo Afisa Biashara katika Halmashauri yetu. Na kitaifa ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na ile sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji. Ngazi zote hizo zitakuuliza risiti kwanza.

Tukimalizia, kamati yetu imekaa na kukubaliana mambo mawili kuhusu mikopo ya kununua vifaa. La kwanza, mwanachama akikopa kwa ajili ya kununua kitu chenye waranti, muda wa kurejesha usizidi muda wa waranti pale inapowezekana. Mteja wetu wa kwenye mazungumzo alikopa kwa miezi 6 na waranti yake ni ya miezi 6, basi kwa muda wote wa deni alikuwa na ahadi nyuma yake. Angekopa kwa mwaka mzima, nusu ya pili angekuwa analipia betri isiyo na mtu wa kuisemea. La pili, nakala ya risiti na ya kadi ya waranti itawekwa kwenye faili la Katibu. Siyo kwamba hatuaminiani. Ni kwa sababu panya, mvua na watoto hawajui karatasi ipi ina thamani ya 300,000.

Wanachama wenye maduka tunawaomba nao jambo moja. Lile tangazo la ukutani mliandike upya, liseme yote matatu kwa Kiswahili cha kueleweka. Sisi tumeandaa mfano, mtu anaweza kuunakili kama ulivyo:

"Kitu kibovu tangu dukani: kilete mara moja na risiti, utarudishiwa fedha au utapewa kingine, chaguo ni lako. Kitu kizima ulichobadili mawazo: tunabadilisha ndani ya siku 3 kama hakijafunguliwa, fedha haturudishi. Kitu chenye waranti: kilete na kadi kabla ya tarehe ya mwisho, tutakipima mbele yako."

Maneno hayo yanaenea kwenye karatasi moja. Mteja akiyasoma kabla ya kutoa fedha, ugomvi mwingi utaishia mlangoni.

Baada ya hapa Mtunza Hazina atagawa nakala za lile fomu dogo la maswali matano, kila mwanachama moja. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Wale wanaotaka kujifunza kupima betri kwa mita, fundi yupo pale chini ya mwembe na betri mbili, moja nzima na moja iliyokufa chumba. Mkaone tofauti kwa macho yenu kabla ya chakula.